Jumapili ya Mhandisi Wijdan

Menejimenti inawatangazia wafanyakazi wote wa ghorofa ya tatu kwamba, kuanzia siku ya kwanza ya kazi ya mwaka mpya, vijiko vya chai havitatolewa nje ya jiko bila kurejeshwa siku hiyo hiyo, na kwamba kikao cha kupokea maoni kuhusu utaratibu huu kitafanyika Jumapili saa nne na nusu asubuhi.

Tulihudhuria watu kumi na mmoja. Kikao kilichukua dakika hamsini, kisha kikaahirishwa kwa kuwa mwenye ufunguo wa kabati hakuwepo. Nilikuwa nimekaa karibu na Mhandisi Wijdan Tarawneh, aliyekuwa akiandika kwa makini kitu nilichodhani ni kumbukumbu za kikao. Tulipotoka alinionyesha. Ilikuwa hesabu ya wiki zake sita zilizopita: saa ishirini na tatu za vikao kwa wiki, na baina ya kikao kimoja na kingine, nafasi ndefu kuliko zote ilikuwa dakika hamsini.

Kampuni yetu iko Amman, karibu na makutano ya barabara yaitwayo Mzunguko wa Saba, na hutengeneza programu ambayo hospitali huitumia kukokotoa dozi za dawa. Wijdan alikabidhiwa kuandika upya injini ya dozi za watoto, yaani sehemu ya programu inayofanya hesabu zenyewe. Ile ya zamani iliandikwa na bwana mmoja aliyehamia Kanada, na tangu aondoke ilikuwa imetiwa viraka vingi kiasi kwamba hakuna aliyethubutu kuigusa. Mpya ilipaswa kukamilika mwisho wa Machi. Isipokamilika, kitengo cha Wijdan, yaani yeye na wahandisi wawili, kingefungwa. Jambo hili halikuwa siri. Lilikuwa limeandikwa katika ukurasa wa mwisho wa mpango wa mwaka, ukurasa ambao watu huusoma.

Kazi ya namna hiyo haifanyiki vipande vipande. Anayebadilisha kanuni moja ya dozi hana budi kuzishika kichwani nyingine arobaini zinazoitegemea: uzito, umri, hali ya figo, dawa nyingine anazotumia mtoto. Akiitwa nje, zote humtoka, na kuzirudisha humchukua karibu saa nzima. Kwa nafasi ya dakika hamsini, Wijdan alikuwa akifika mlangoni kwa kazi yake kila siku bila kuingia.

Aliomba siku moja kwa wiki isiyo na vikao, akachagua Jumapili. Wiki yetu huanza Jumapili, lakini ofisi kuu ya Ulaya siku hiyo imefungwa, hivyo vikao vya kuhamishwa vilikuwa vya hapa nyumbani tu. Alipeleka ombi kwa mkuu wa idara, Abu Nabil, ambaye Jumapili huingia kazini saa nne asubuhi, baada ya misa. Mezani alikuwepo pia Taghrid, anayeshughulikia wateja wa Ghuba. Nami niliitwa nikiwa mhakiki wa majaribio, na kwa sababu nilikuwa nikipita.

"Siku nzima, mhandisi?" alisema Abu Nabil. "Mke wangu mwenyewe hajawahi kunipa siku nzima."

"Nusu ninayo tayari, Abu Nabil, mpaka utoke kanisani. Naomba nusu iliyobaki."

"Dada yangu," alisema Taghrid, "Kuwait wanafungua Jumapili. Niwaambie nini? Mhandisi kajifungia, gongeni kesho?"

"Waambie Jumatatu saa tatu."

"Kirahisi hivyo! We unaongea na kompyuta, mimi naongea na madaktari."

"Kompyuta inakuacha umalize sentensi."

"Haya, hilo umenipata. Lakini Kuwait sihamishi."

Wijdan hakuwa amekuja mikono mitupu. Kila Alhamisi mchana angetoa maelezo ya maandishi ya hatua aliyofikia, ili asiwepo mtu wa kuitisha kikao kumuuliza amefika wapi. Kila Jumatatu, saa tatu hadi saa tano, mlango wake ungekuwa wazi kwa yeyote. Dharura aliifafanua kwa sentensi moja: hospitali inaposhindwa kumpa mgonjwa dawa, apigiwe simu, mara moja, hata akiwa bafuni; jambo jingine lolote lisubiri. Yote hayo kwa majaribio ya Jumapili nane, kisha yapimwe. Katika maisha yangu ya ofisini sijaona ombi lililopangwa vizuri kuliko hilo, na huenda hapo ndipo tulipopaswa kushtuka.

Walikubaliana. Kikao cha Kuwait kingebaki Jumapili saa tano, nami ningekaa katika kiti cha Wijdan. Sababu iliyotajwa ni kwamba naielewa injini. Sababu yenyewe ni kwamba sikuwa na cheo cha kukataa.

"Ami Abu Layth, wewe kaa tu," aliniambia ukumbini. "Usikubali kitu. Wakiigusa injini, niambie Jumatatu kabla sijavua koti."

"Na wakiniuliza jambo?"

"Sema utaniuliza."

"Nitaonekana mjinga, binti."

"Kwa mvi hizo? Watasema una busara."

Aliifunga Jumapili katika kalenda ya ofisi, ikajirudia kila wiki, ikiwa na alama ya kuwa ana shughuli. Kila mwaliko uliotumwa ulikataliwa wenyewe kwa maneno ya adabu yaliyomwelekeza mtu Jumatatu. Arifa za kompyuta alizizima kwa kibali. Jumapili mbili za mwanzo watu walimwendea mezani wakiwa na biskuti za ufuta, wakisema wamemjia leo kwa kuwa wamesikia hana kikao. Ya tatu alihamia chumba cha stoo, akaweka meza baina ya maboksi ya karatasi, na kazi ikaanza kusonga kwa namna ambayo kila mtu aliiona. Maelezo yake ya Alhamisi yalirefuka. Alianza kula chakula cha mchana.

Jumapili ya nne, daktari mmoja wa Kuwait aliuliza kwenye skrini kwa nini wasinunue tu injini ya dozi iliyo tayari, yenye ithibati, kama ile inayotumika katika hospitali zao nyingine.

"Tutaliangalia, daktari," alisema Taghrid.

"Nitamuuliza mhandisi," nilisema mimi, kama nilivyoagizwa. Skrini ilikuwa imekwisha kuzimwa.

Kesho yake Abu Nabil alinikuta kwenye lifti.

"Abu Layth, lile la Kuwait usimpelekee bado. Ni wazo tu."

"Kanisisitizia nimwambie."

"Na utamwambia, likiwa jambo. Binti wa watu ndiyo kwanza kashika kasi, wewe unataka kumvunja nguvu? Siku yake tumempa sisi wenyewe."

Niliiona hoja hiyo kuwa imejengwa vyema. Nilipofika mlangoni kwa Wijdan nilikuta watu sita mbele yangu, kwa maana Jumatatu ilikuwa imepokea kila kilichofukuzwa Jumapili. Alinyanyua uso juu ya mabega yao.

"Kuna kitu, ami?"

"Salama."

Jumapili ya tano waliuliza bei. Ya sita waliletewa sampuli. Ya saba waliafiki, kwa dakika kumi na mbili, na sikumbuki kikao kingine kifupi kama hicho katika chumba kile. Kumbukumbu zake ziliwekwa katika jalada la pamoja ambalo yeyote angeweza kulifungua, na ambalo lilimpelekea Wijdan arifa alizokuwa amezizima. Kila Jumatatu aliniuliza kama kuna kitu, na kila Jumatatu nilimjibu neno lile lile.

Jumapili ya nane alimaliza. Zilikuwa zimebaki wiki nne kamili kabla ya mwisho wa Machi. Ilikuwa zamu yangu kuijaribu injini, nami niliipitisha katika mifano elfu mbili mia moja na arobaini ya watoto wa kubuni: wenye kilo mbili, wenye figo moja, wenye dawa tatu kwa pamoja. Nilitafuta kosa kwa bidii isiyo ya kikazi. Kosa moja lingenipa neno la kuanzia. Sikulipata. Ilikuwa kazi safi, na mtu anayejua injini hizi angeweza kuisoma mwanzo hadi mwisho bila kuuliza swali.

Alhamisi aliiwasilisha. Abu Nabil alimwacha amalize, jambo alilolihesabu kuwa ni heshima, kisha akamwambia kwamba Kuwait wamechagua injini ya kununua, kwamba wateja wengine watafuata, na kwamba ofisi kuu imeona si busara kutunza mbili.

"Tangu lini?" aliuliza Wijdan.

"Tumeafikiana Jumapili ya wiki iliyopita."

"Sikuuliza mmeafikiana lini."

Aligeuka kwangu.

"Ami. Uliniambia salama."

"Nilikuambia."

"Mara ngapi?"

"Nne."

"Usimlaumu mzee," alisema Taghrid. Macho yake yalikuwa mekundu, na sidhani kama alikuwa akiigiza. "Hatukutaka kukusumbua siku yako. Ningekuita, ungesema Taghrid kavunja ahadi."

"Ningekuja mbio."

"Uliandika mwenyewe, habibti. Mgonjwa akikosa dawa, uitwe. Hakuna mgonjwa aliyekosa dawa."

Sentensi ilikuwa ya Wijdan mwenyewe na haikuwa na kasoro.

"Siku nyingine zilikuwa nne," alisema. "Jumatatu, Jumanne, Jumatano, Alhamisi. Mlinikalisha vikaoni siku zote nne. Hakuna hata mmoja aliyeona niko pale?"

"Hizo siku ulikuwa na vikao," alisema Abu Nabil. Hakusema kwa kejeli. Alikuwa akieleza.

Kitengo kilifungwa mwisho wa Machi, tarehe ile ile ambayo kingefungwa kama asingefanya lolote. Mmoja wa wahandisi wake alipata kazi Riyadh. Mwingine bado anatafuta. Wijdan alihamishiwa kazi ya kuiunganisha injini iliyonunuliwa na programu yetu, kazi ambayo sehemu yake kubwa ni kukutana na wauzaji. Injini yake imehifadhiwa. Kabla ya kuhama aliandika ombi la aya moja, kwamba kazi ya mtu isiamuliwe siku ambayo mtu huyo amepewa ruhusa ya kutokuwepo. Nilitia saini yangu chini ya yake. Aliiona, na hajaniita ami tangu siku hiyo.

Jibu lilibandikwa baada ya wiki mbili: Menejimenti, baada ya kuijadili hoja ya Mhandisi W. Tarawneh katika kikao cha Jumapili, ambacho mhandisi hakualikwa kwa kuheshimu siku yake, imeamua kwamba siku isiyo na vikao itaendelea na sasa itawahusu wafanyakazi wote. Kwamba vikao vya wateja na vya menejimenti havihesabiwi kuwa vikao kwa madhumuni ya uamuzi huu. Kwamba jambo linalomhusu mtu asiyekuwepo litaahirishwa hadi atakapokuwepo, isipokuwa liwe la haraka. Na kwamba uharaka wa jambo utaamuliwa na waliopo.