Mashine Ilikuwa Nzima

Nilikabidhiwa barua Jumatatu asubuhi, kabla hata sijavua kanga niliyojitandia kwa baridi. Mkuu wa shule, mwalimu Eliakim, alinipa bila kuniangalia usoni. Barua ilisema kwa uzembe wangu nimeharibu mashine ya fotokopi ya shule, nijieleze kwa maandishi kabla ya saa nne Ijumaa, vinginevyo hatua zitachukuliwa; nakala kwa ofisa elimu. Miaka kumi na moja nimekuwa katibu muhtasi pale Isansa, na faili langu halikuwahi kuwa na karatasi ya aina hiyo.

Kosa langu lilikuwa nini? Tona, yaani wino wa unga wa mashine, iliisha. Basi! Tona huisha kama chumvi inavyoisha jikoni, hakuna anayemwandikia mpishi barua.

Mashine ile tuliletewa na marafiki wa usharika wa kanisa letu kutoka Ujerumani, kubwa, ya kusimama chini, na ndiyo iliyokuwa ichapishe mtihani wa ujirani mwema wa shule nne. Ilipoandika kwamba haina tona, niliipiga picha nikamtumia fundi Osward wa Tunduma, ambaye ofisi nyingi za huku humtegemea. Nakiri, picha niliyopiga ilikuwa ya mbele tu, na kitambaa changu cha kufuma kikiwa juu yake. Osward akajibu ndani ya dakika moja: "Naijua hiyo, dada. Nakutumia tona yake kwenye Noah ya abiria."

Tona ikaja. Ikaingia vizuri kabisa, mlango ukafungwa, halafu kioo kikaandika kwa Kiingereza kwamba tona haitambuliki. Nikaitoa, nikaitikisa, nikairudisha. Vilevile. Osward akatuma ya pili, jambo likawa lilelile. Ndipo akampigia mkuu moja kwa moja, bila hata kufika kuiona: "Mheshimiwa, huyo dada ameilazimisha, ameua bodi yake ya umeme. Vipuri vyake havipo nchi nzima. Niuzieni kama chuma chakavu, nije niichukue Jumamosi."

Mkuu akamwamini. Mtu aliye umbali wote ule, aliyeona picha moja yenye kitambaa, akaaminiwa kuliko mimi ninayelala na funguo za ile ofisi. Nilikasirika sana.

Maelezo niliyotakiwa kutoa sikuyaandika. Badala yake niliwapigia makatibu wenzangu wa shule nyingine, mmoja baada ya mwingine, mpaka wa Hasamba akanipa namba ya Ketrina, fundi wa mashine za ofisi aliyeko Mbeya. Nikamtumia ile picha yangu.

"Dada Gwantwa, hii hainisaidii," akasema. "Jina la mbele wanalibandika kwenye mashine za nchi nyingi. Nenda nyuma, chini, pale waya wa umeme unapoingia. Kuna kibandiko chenye jina kamili, volti na namba ya mashine. Nipigie picha hicho."

Nikainama nyuma ya mashine na tochi ya simu. Kibandiko nilikiona, au tuseme nilipaona kilipokuwa. Juu yake, kwa rangi nyeupe ya mafuta, herufi nene na nadhifu: ISS/FOT/01. Ilikuwa namba ya mali ya shule. Mwalimu Danford, mtunza mali wetu, huandika namba kwenye kila kitu kabla ya mkaguzi kufika: viti, majembe, hata sufuria za jikoni. Kwenye mashine nzima yenye ukubwa wa kabati, alitafuta sehemu iliyonyooka, akaipata juu ya kibandiko kile. Kwanza akapaka mstatili wa rangi nyeusi ili herufi zikae vizuri!

Nikamwita aone. "Lakini namba inasomeka," akasema.

"Yako inasomeka, mwalimu. Ya mashine je?"

Akaenda zake, akidai ana kipindi.

Nikapiga picha ya ile rangi, nikamtumia Ketrina. Hakucheka, na kwa hilo nampenda hadi leo. "Usipake petroli wala thina," akaniambia, "utafuta maandishi ya chini na kuyeyusha plastiki. Chukua kadi ya benki iliyokwisha muda, bandua taratibu. Halafu washa mashine, bonyeza kitufe cha kaunta, kile cha hesabu ya kopi. Hata ikiwa imegoma kutoa kopi, namba yake itaionyesha kwenye kioo."

Namba ikatokea kwenye kioo kweli, herufi tatu na tarakimu tano. Rangi nilibandua mchana kutwa, magoti yakiwa kwenye saruji, ikitoka vipande vidogo vidogo. Jioni jina la mashine likasomeka lote, pamoja na herufi moja ya mwisho ambayo mbele haikuwepo, na namba ya chini ikalingana na ile ya kwenye kioo. Nikapiga picha, nikatuma. Akataka pia picha ya vibandiko vya ndani ya mlango na ya kile kimpira kinachovuta karatasi.

Akapiga dakika tano baadaye. "Sikiliza. Mashine yako ilitengenezwa kwa soko la Ulaya. Osward amekuletea tona ya soko letu. Umbo ni moja, ila kichipu chake, kile mashine inachokisoma, ni kingine, ndiyo maana inakataliwa. Bodi haijafa. Mashine ni nzima. Ila hicho kimpira kimechakaa, nacho ningebadilisha."

Nilikaa chini palepale sakafuni. Mashine ni nzima. Watu walikuwa tayari kuniharibia jina na kuitoa mashine yenyewe kama chakavu, kwa sababu hakuna aliyeinama kusoma kibandiko!

Ketrina alipata tona sahihi kwa muuzaji mmoja wa Dar es Salaam, akampa ile namba ya mashine kwanza ili asikosee. Kimpira alikuwa nacho mwenyewe. Alhamisi jioni vilishushwa Vwawa kwenye basi, nikavifuata kwa bodaboda. Ijumaa saa moja asubuhi, Ketrina akinielekeza kwa simu ya video, nilibadilisha kimpira, nikaitikisa tona, nikavuta utepe unaoziba unga wake, nikaisukuma mahali pake. Kioo kikafikiri kidogo. Ule ujumbe ukafutika, mashine ikaanza kunguruma, na karatasi ya kwanza ya mtihani wa hesabu ikatoka, nyeusi tii.

Saa nne kasorobo mkuu akaja kuchukua maelezo yangu. Akakuta kopi mia tatu mezani na mashine inaendelea. Nikampa simu aone picha zote mbili za nyuma, kabla na baada ya kubandua. Akazikuza kwa vidole.

"Aa, kumbe," akasema. "Basi, Gwantwa, yaishe. Ile barua tuisahau. Nitampigia Osward asije."

"Tuisahau vipi, mwalimu? Nakala iko kwenye faili langu, na nyingine umepeleka kwa ofisa elimu. Yeye ataisahau?"

"Unataka nini sasa?"

"Barua. Inayosema sikuharibu kitu, na aliyenituhumu alikosea."

Akashusha pumzi, akatazama mlangoni kama mtu anayetaka kuondoka. "Haya. Ichape tu wewe mwenyewe, uilete nisaini."

Nilimsogezea kiti changu, karatasi nyeupe na kalamu.

"Hapana, mkuu. Hii utaiandika kwa mkono wako. Mimi kazi yangu ni kutoa kopi, na nitatoa mbili."

Akaketi. Akaandika tarehe, kisha akauliza jina langu la ukoo linaandikwaje.