Kiti cha Adongo

Barua ya Musoma ilimfikia Rebeka siku chache tu baada ya matanga. Kiwanda cha samaki cha huko kilimpa kazi ya ukaguzi wa ubora katika maabara, na kilitaka jibu kabla ya ofisi kufungwa siku ya Ijumaa. Kazi yenyewe ilikuwa ya Adongo, rafiki yake wa chuoni aliyemtangulia mwaka mmoja, waliyetoka kumzika huko Rorya.

Wasichana hao wawili walikuwa wamepanga chumba kimoja Igogo, mjini Mwanza, tangu masomo, mpaka Adongo alipopata kazi Musoma. Alipougua alirudi chumbani humo kwa muda, akakohoa upande wa pili wa pazia usiku kucha, kisha ndugu zake wakaja kumchukua. Pazia bado lilining'inia. Rebeka hakuwa na moyo wa kulishusha. Alipokuwa akipika alijikuta akinyamaza ghafla, akisikiliza, na asisikie kitu isipokuwa mafuta yakichemka.

Meneja wa Musoma, mzee Okwach, hakuficha jambo katika barua yake. Aliandika kwamba marehemu mwenyewe ndiye aliyemtaja Rebeka, akamwambia, "Nisiporudi, mtafuteni huyo." Rebeka alipoyasoma maneno hayo aliikunja barua. Kuvaa koti jeupe alilolivaa Adongo, kukalia kiti chake, kushika hadubini iliyozoea jicho lake! Alijiona kama mtu anayealikwa kaburini na mwenye kaburi.

Sasa kulikuwa na mlango mwingine. Kiwanda kipya cha minofu ya sangara hapo hapo Igogo, kimoja kati ya vile vilivyoota ufukweni tangu biashara ilipofunguliwa kwa watu binafsi, kilikuwa kimemfanyia usaili. Usaili ulikwenda vizuri, kisha kukawa kimya. Afisa utumishi, Bwana Ndalahwa, alisema watampa habari, na hakusema lini.

Rebeka alimwandikia. Mara ya kwanza aliandika kwamba kampuni kadhaa zinamgombania, akasoma, akaona aibu, akachana karatasi. Mara ya pili aliandika ukweli:

"Kwako Bwana Ndalahwa. Nashukuru kwa usaili. Kazi ya kiwandani kwenu ndiyo ninayoipenda zaidi, na ningefurahi kujiunga nanyi. Nalazimika kukujulisha kwamba nimepewa kazi na kampuni nyingine, nayo inataka jibu kabla ya jioni ya Ijumaa. Sikusudii kuwashinikiza. Naomba tu kujua kama uamuzi wenu unaweza kupatikana kabla ya hapo, na kama kuna hatua iliyobaki, niko tayari kuja wakati wowote."

Alikwenda Mirongo, kwenye kibanda cha simu na faksi, akaituma siku ya Jumanne. Mashine iliimeza karatasi polepole, ikatoa mlio, ikamrudishia. Njiani kurudi ilimjia fikra iliyomfanya asimame katikati ya watu. Kifo cha Adongo ndicho kilichompa kazi ya Musoma, na sasa ameitumia kazi hiyo kama fimbo ya kuwaharakisha wengine. Mtu aliyebeba gunia la dagaa alimsukuma bega, akampita akinung'unika.

Jumatano, tarishi wa kiwanda cha Igogo alimletea ujumbe: aje asubuhi ya kesho.

Ofisi ya Ndalahwa ilitazama ziwa, na harufu ya samaki ilipita hata dirisha lililofungwa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti. Karibu ukae." Alikuwa mtu wa makamo, mwenye sauti ya taratibu. "Nimeipata faksi yako. Nakuambia mapema usije ukadhani vingine: faksi hiyo haikukupa kazi. Ulikuwa juu ya wenzako tangu usaili. Ila faili lako lilikuwa chini ya mafaili mengine, yakisubiri meneja mkuu arudi safari. Jana nilimpigia simu, naye amerudi. Leo atazungumza nawe mwenyewe, na akiridhika, utaipata barua kesho asubuhi."

"Nashukuru sana, mzee."

"Usiikatae ile nyingine mpaka uwe na yetu mkononi, imetiwa saini. Neno la mdomo siyo kazi." Alichukua kalamu. "Hao wengine ni akina nani? Kama hupendi kusema, sikulazimishi."

"Ni Musoma. Kwa mzee Okwach."

Ndalahwa aliweka kalamu mezani. Akamtazama kama mtu anayelinganisha sura na jina.

"Nafasi ya yule binti Adongo," alisema.

"Ulimfahamu?"

"Tulimpa kazi hapa mwaka jana, kabla kiwanda hakijafunguliwa. Alikuja akakaa hapo ulipokaa. Barua ilikuwa tayari, kilichobaki kilikuwa kupimwa na daktari. Akasema hataichukua. Nilimuuliza sababu, akatabasamu tu. Kisha akasema, 'Ngojeni Rebeka amalize chuo. Ndiye mtakayemtaka.' Nikaandika jina hilo. Baadaye nikasikia amekwenda Musoma, ambako hawakumpima. Ulipoleta maombi nililikumbuka."

Rebeka alishika ukingo wa kiti. Alitaka kuinuka. Alikuwa amekimbia kiti cha Adongo, akaenda moja kwa moja kukaa kwenye kingine.

"Alikuwa anajua kwamba atakufa," alisema kwa sauti ndogo.

"Nadhani alijua," alijibu Ndalahwa. "Nami sikumwelewa wakati ule."

Meneja mkuu alimuuliza Rebeka kuhusu vijidudu, joto la vyumba vya baridi, na namna ya kukataa mzigo uliokwisha kupakiwa. Alijibu yote, ingawa alisikia sauti yake ikitoka mbali, na kila alipotafuta neno lilimjia kwanza kwa lafudhi ya Kijaluo ya Adongo, kama walivyokuwa wakikaririshana chumbani. Alipotoka, Ndalahwa alimwambia asubiri kesho.

Ijumaa asubuhi barua ikaja, na saini chini yake. Rebeka alitafuta ndani ya moyo wake furaha aliyoitegemea, akapata utulivu wa baridi tu. Alifikiri pia kuzikataa zote mbili, akauze vitenge kama shangazi yake. Lakini alijua kwamba hata huko angekuwa anamjibu Adongo. Basi aliikubali kazi ya Igogo kwa maandishi, kisha akaenda posta kupiga simu Musoma, kwa kuwa hakutaka mzee Okwach akae akingojea hadi jioni.

"Umefanya vizuri kusema mapema," Okwach alisema, baada ya kumsikiliza mpaka mwisho. Laini ilikuwa inakwaruza. "Nimehuzunika, lakini sina kinyongo. Kumbe Adongo hakujua kila kitu."

"Alijua, mzee."

Okwach hakulishika jibu hilo. "Kazi haiwezi kukaa wazi," aliendelea. "Mizigo inaondoka kila wiki. Je, kuna mwingine katika darasa lenu unayemfahamu? Mtu unayemwamini?"

Rebeka alikuwa naye. Odeta, binti mpole kutoka Ukerewe, ambaye alikuwa bado akitafuta kazi. Jina lilikuwa ulimini, nalo halikutoka. Aliona waziwazi Adongo amekaa mbele ya meza mbili tofauti, bado mzima kwa kumtazama, akilitoa jina la mtu mwingine kwa tabasamu, huku akijua.

"Upo, binti?" Okwach aliuliza.

"Nipo."

Nyuma yake watu walijipanga wakingojea simu. Mama mmoja aligonga sarafu kwenye kioo cha kibanda.

"Odeta," Rebeka alisema. "Anaitwa Odeta. Yuko hapa Mwanza, naweza kukupatia anwani."

Aliitaja anwani polepole, akarudia mara mbili mzee alipoomba. Alipotundika simu, alibaki amesimama ndani ya kibanda, amelitazama shimo la sarafu, mpaka yule mama alipofungua mlango na kumwuliza kama anaumwa.