Satini Nyeupe ya Mama Shela

Zamani, kabla ya maduka ya kukodisha magauni kuota kila kona, mabibi harusi walipanga foleni hadi kwenye ngazi za chumba cha Mama Shela, wakiwa na mama zao na mashangazi wenye maoni. Mdogo wake alishika mkasi, yeye alishika cherehani, na kupiga soga walishirikiana. Mdogo wake alishafariki, na wateja nao wakapotea mmoja mmoja. Siku hizi cherehani ilitia suruali viraka tu na kupunguza mikono ya mashati.

Binti yake alishachoka kumbembeleza. "Mama, rudisha ufunguo wa chumba mwisho wa mwezi, uje ukae kwangu na wajukuu."

Wajukuu aliwapenda sana, ila kwa siku mbili hivi. Chumba kile hakutaka kukiacha. Mle ndani bado alikuwa anamsikia mdogo wake akicheka.

Ndipo akakumbuka walivyofanya kila biashara ilipolala. Hawakukaa wakaumiza vichwa. Walikwenda kwa muuzaji wa jumla wakauliza. Basi akajitanda khanga yake, akaenda.

Muuzaji wa vitambaa, mzee mwenye futi shingoni tangu enzi za ujana wao, alifurahi kumwona akamvutia jora la kitambaa cha kijani. "Hiki ndicho kinachotoka, dada. Moto wa kuotea mbali!"

Mama Shela alipitisha kidole juu ya jora, akamwonyesha vumbi. "Kaka, sikuulizi unachotaka kiondoke. Nauliza kinachokuishia kabla mzigo mwingine haujafika."

Mzee alicheka hadi akakohoa. "Hujabadilika wewe. Haya, satini nyeupe. Mwezi huu nimeagiza mara tatu, na bado wananisumbua."

Satini nyeupe! Mama Shela alihisi miguu inakuwa myepesi. Mabibi harusi wamerudi, nani asemaye wamekwisha? Hakuuliza tena neno. Alifungua kibindo akanunua jora zima kwa akiba yake yote, akaomba lifti kwenye pikapu ya kusambaza mizigo.

Dereva waliyemwita Redio, kwa sababu hazimiki, alimsikiliza njia nzima akieleza habari za mikia ya magauni na shela za urefu wa chumba. Ajabu, Redio alikuwa kimya.

"Mbona huongei, mwanangu?"

"Mama, satini hii mimi ndiye ninayeisambaza." Alipunguza mwendo. "Sijawahi kuishusha kwa fundi nguo hata mmoja. Naishusha kwa maseremala. Wa majeneza."

Mama Shela alilitazama jora mapajani mwake. Alijiona mjinga wa kutupwa: ameuliza kinachotoka, hakuuliza kinakwenda kwa nani. Machozi yalimlenga, na akiba ndiyo hiyo imeshakuwa kitambaa.

"Nikurudishe dukani?" dereva aliuliza taratibu.

Alikaribia kusema ndiyo. Kisha mazoea ya zamani yakamshinda. "Hebu niambie kwanza. Hao maseremala, ukiwapelekea, wanalalamikia nini?"

"Aa, kila siku kelele! Mbao wanaijua, kitambaa hawakijui. Wanapigilia misumari tu, kinajikunja, kingine kinapotea kwa kukatwa vibaya. Mmoja aliniuliza kama namjua mtu anayeuza kilichoshonwa tayari, na mto wake. Nikamwambia simjui."

 Mawazo ya Mama Shela yalikuwa yamerudi siku ya kumzika mdogo wake: satini imeachia kwenye kona ya jeneza, kichwa cha msumari kinaonekana karibu na shavu lile alilolijua tangu utotoni. Watu walikuwa wanasubiri. Aliibana kona ile kwa vidole mpaka kifuniko kikafungwa.

"Nipeleke kwa huyo aliyekuuliza," alisema.

Seremala alimpa vipimo vya jeneza moja la kujaribia. Mama Shela alishona siku mbili, akitia marinda membamba yale yale ambayo mdogo wake alikuwa akimpangia, akalia kidogo, akaimba kidogo, akamkemea marehemu kwa kumwachia kazi ya watu wawili. Aliporudi karakana na kukitandaza, kitambaa kilikaa sawasawa kwenye kila pembe, bila msumari kuonekana.

Seremala alizunguka jeneza, akaagiza vitambaa vya majeneza mengine sita papo hapo. Kisha akagusa marinda, akatikisa kichwa.

"Haya ya ndani yapunguze, mama. Unajichosha bure. Likishafungwa, nani atayaona?"

"Atakayekuwa amesimama hapo kabla halijafungwa," alisema Mama Shela, akaanza kukunja futi yake.