Mwalimu wa Kitinda na Makala ya Vikwazo

Mwalimu wa darasa la nne alikuwa akisahihisha imla mezani kwake nyumbani alipofika kwenye daftari la Kitinda. Darasani alikuwa amesoma sentensi nyepesi tu: "Mama ana bata." Kitinda alikuwa ameandika kwa mwandiko wake mzuri wa kulala: "Papa ana mata."

Alicheka. Akanyanyua kalamu nyekundu atie alama ya kosa, kisha mkono ukasita. Alisimama akaenda mbele ya kioo cha chumbani, akafungua mdomo bila kutoa sauti. Mama. Baba. Papa. Midomo ilifumba na kufumbua vilevile mara zote tatu. Akajaribu bata na mata. Hakuna tofauti hata chembe.

"Maskini mtoto wa watu," aliuambia uso wake. "Kumbe ameandika sawasawa na alichokiona."

Kitinda halikuwa jina lake la cheti. Alikuwa kitinda mimba wa mama mmoja msusi, na jina la nyumbani lilimfuata mpaka shuleni. Alikuwa na umri wa miaka tisa. Nyuma ya sikio alivaa mashine ndogo ya kusikia, lakini alikuwa na tabia ya kuivua na kuitia mfukoni, na mwalimu alikuwa amemgombeza kwa hilo si mara moja. Shule ilikuwa ya kawaida, yenye watoto wengi kuliko madawati, na darasa la nne lilipakana na karakana ya kuchomelea vyuma. Mafundi walipoanza kusaga, hata wenye masikio mazima walibaki kukodoa macho.

Mwaka huo mwalimu alikuwa akisoma chuo wakati wa likizo, na alitakiwa kuandika makala fupi ya kitaaluma. Mhadhiri wake, mama mmoja mwenye maneno machache, alimwambia achague jambo linalomnyima raha. Hakuwa na haja ya kutafuta mbali. Aliandika juu ya karatasi: vikwazo vinavyowakabili walimu wa madarasa ya kawaida wanaofundisha wanafunzi wenye ulemavu wa kusikia. Akaomba ruhusa, akazungukia shule za jirani, akawahoji walimu waliokuwa na watoto kama Kitinda.

Walimu walimwaga ya moyoni. "Nikigeukia ubao tu, nimemwacha," alisema mmoja. Mwingine akasema, "Nikienda pole kwa ajili yake, wenzake wananipandia kichwani. Nikienda na wenzake, yeye anabaki kituoni." Na wa tatu, mzee mcheshi, alisema, "Semina? Nilipewa siku moja, dada yangu. Nikafundishwa lugha ya alama: alama ya karibu na alama ya asante. Sasa hesabu za sehemu nitazifundisha kwa karibu na asante?"

Aliyaandika yote, akayapanga kwa dhamira: mafunzo, wingi wa watoto, kelele, vifaa, muda wa mtaala. Mwalimu mmoja tu ndiye aliyemsumbua kumpanga. Huyo alisema mambo yake yanakwenda, kwa sababu darasa lake ni dogo na mtaalamu wa elimu maalumu humtembelea kila wiki. Hakufanana na wenzake, basi akamweka pembeni. Mwishoni akaandika hitimisho, akaliona limekaa vizuri: "Kwa hiyo, walimu wa madarasa ya kawaida hawawezi kuwafundisha ipasavyo wanafunzi wenye ulemavu wa kusikia."

Rasimu moja alimpelekea mhadhiri. Nyingine alimpa mwalimu mkuu, kwa kuwa ndiye aliyemruhusu kufanya utafiti na aliomba kuona matokeo.

Wiki iliyofuata mwalimu mkuu alimwita ofisini. Alipoingia alimkuta mama yake Kitinda ameketi ukingoni mwa kiti, mikono yake ikinukia mafuta ya nywele. Karibu na dirisha alikaa afisa wa elimu maalumu, bwana mmoja mnene mwenye sauti laini.

Mwalimu mkuu hakuwa mtu mbaya. Wazazi wengi walimpenda kwa huruma yake, na siku hiyo huruma ndiyo iliyomtuma.

"Mama, tusimtese mtoto," alianza. "Ipo shule ya bweni ya viziwi. Ni mbali, lakini wana walimu wake. Hapa tunampotezea muda. Na haya si maneno yangu. Mwalimu wake mwenyewe amefanya utafiti." Akavaa miwani, akasoma ile sentensi ya mwisho, polepole, kila neno.

Mama Kitinda akamgeukia mwalimu. "Wewe ndiye uliyeandika hivyo, mwalimu?"

"Ndiyo, mama."

"Nilidhani wewe uko upande wake."

Mwalimu alihisi uso ukimchoma.

"Mimi siidharau hiyo shule," mama aliendelea, sasa akimwambia afisa. "Nasikia huko wote wanazungumza kwa mikono, wanataniana, wanagombana. Akikua kidogo, akitaka mwenyewe, nitampeleka nikiimba. Lakini bado hajataka. Nyumbani tuna alama zetu tulizojitungia. Analala ameshika shingo yangu ili asikie kwa vidole vyake nikiongea. Nimpeleke mbali kwa kosa gani?"

Upande wa pili wa ukuta mashine za karakana zilianza kulia, na watu wazima wote wanne wakajikuta wakisubiri zinyamaze.

Afisa ndiye aliyezungumza kwanza. "Mwalimu, nisaidie. Katika hao uliowahoji, ni wangapi walikwambia hawawezi?"

Akafikiri. Aliwapitia mmoja mmoja kichwani, na kila mmoja alimsikia akisema tena maneno yake: sikufundishwa, sikupewa, sina nafasi, hakuna anayenijia.

"Hakuna," alisema. "Hakuna hata mmoja."

"Sasa hilo neno limetoka wapi?"

"Limetoka kwangu. Kwa uchovu wangu, nadhani. Walichosema ni kwamba hawajawezeshwa. Na yupo mmoja anayeweza, kwa sababu amesaidiwa. Nilimwacha nje ya makala kwa kuwa hakufanana na wengine." Alipojisikia akisema hivyo alimtazama mama Kitinda, na machozi yakamlengalenga. "Nisamehe, mama. Sikuandika ili mwanao aondolewe. Niliandika ili vikwazo viondolewe, lakini kalamu imenipeleka kombo."

Mwalimu mkuu alivua miwani. "Lakini hali yenyewe ni ileile. Hawezi, hajawezeshwa, mtoto bado hasikii."

"Hali si ileile, mkuu," alisema afisa. "Kama mwalimu hawezi, mimi sina kazi. Kama hajawezeshwa, basi deni ni langu na lako. Hebu tumwone mtoto."

Kitinda aliitwa. Aliingia akamkimbilia mama yake. Mashine ilikuwa mfukoni, kama kawaida. Afisa aliinama mpaka uso wake ukawa sawa na wake, akamwonyesha kwa kidole: vaa. Kitinda akavaa kwa shingo upande, na papo hapo mashine ikaanza kupiga mluzi mwembamba. Akaivua haraka, akatazama huku na huku kuona nani anacheka.

Afisa akakishika kile kipande cha plastiki kinachoingia sikioni. "Hiki kilitengenezwa lini?"

"Alipokuwa chekechea," alisema mama.

"Sikio limekua, plastiki haikukua. Sauti inavuja na kurudi kwenye mashine, ndiyo maana inalia. Anahitaji kupimwa kipande kipya tu, hospitali wanatengeneza."

Mwalimu aliyakumbuka magombezi yake yote. Akapiga magoti mbele ya Kitinda, akamshika mikono yote miwili. Hakujua alama ya pole. Mama Kitinda akamwonyesha ile ya nyumbani kwao: kiganja kifuani, kuzunguka taratibu. Mwalimu akaifanya. Kitinda alimtazama kwa muda, kisha akampangusa chaki begani, kama vile yeye ndiye mkubwa.

Siku hiyo walikubaliana Kitinda abaki mpaka mwisho wa muhula ujao, ndipo waketi tena. Afisa aliahidi mtaalamu wa kuzungukia shule aje kila wiki. Kupunguza darasa alisema wazi hawezi kuahidi. Mwalimu mkuu alikuna kichwa, akasema kuna chumba kule nyuma, mbali na karakana, kilichojaa madawati mabovu; darasa linaweza kuhamia huko. Kesho yake alikutwa amekunja mikono ya shati, anayatoa mwenyewe, anahema na kulaumu kila aliyewahi kuvunja dawati.

Jioni ya siku ile ya kikao mhadhiri alipiga simu. "Nimesoma. Hitimisho lako limeutangulia ushahidi wako."

"Najua, mwalimu. Nimeshaambiwa na mzazi."

"Vizuri," alisema mhadhiri. "Basi huyo umsikilize kuliko mimi."

Mambo hayakunyooka kama rula. Zilikuwapo siku betri ilipokwisha katikati ya somo. Zilikuwapo siku mwalimu alisahau, akaongea na ubao kipindi kizima, mpaka mtoto wa dawati la mbele akamvuta sketi. Imla aliibadilisha: sasa aliweka picha ubaoni kwanza, ya bata au ya baba, ndipo akasoma akiwa amewaelekea watoto. Mtaalamu alipoanza kuwafundisha alama, alilifundisha darasa zima, na watoto walizidaka kama nyasi kavu zinavyodaka moto, hasa walipogundua kuwa zinafaa kwa umbea wakati mwalimu anaongea. Ilimbidi ajifunze mbio ili ajue wanamsengenya nini.

Makala aliiandika upya. Yule mwalimu aliyewekwa pembeni alipata sehemu yake. Siku ya kuiwasilisha chuoni, mwanafunzi mmoja alisimama akauliza kama watu wachache vile wanatosha kuzungumzia walimu wote.

"Hawatoshi," alijibu mwalimu. "Nimeandika hivyo kwenye makala. Wanatosha kutuonyesha pa kuanzia kutazama." Mhadhiri, kule nyuma, aliitikia kwa kichwa mara moja tu, na kwake yeye hiyo ilikuwa shangwe.

Kikao cha pili kilipofika, Kitinda hakuwa wa kwanza darasani, wala hakuwa wa mwisho. Mama yake alikuja na malalamiko mapya. "Mwalimu, mtoto wako huyu ananimaliza. Wenzake wanakuja nyumbani, wanakaa kwenye kiti changu cha wateja, mikono inaruka kama kuku wanachinjwa. Juzi mteja ameniuliza wanasema nini, nikamwambia dada, heri usijue." Alilalamika huku meno yote yakionekana.

Afisa akaandika kwamba mtoto aendelee, na mwalimu mkuu akasema tayari ameshampangia darasa la tano kwenye chumba hichohicho cha nyuma.

Walipotoka nje, Kitinda alimvuta mwalimu wake kando. Mtaalamu alikuwa amewaeleza kwamba viziwi humpa mtu jina la alama, na mtu hajipi mwenyewe, hupewa. Darasa zima lilikuwa limeshapata majina. Mwalimu alikuwa bado, na hakuwa amethubutu kuuliza.

Kitinda akachomeka ncha ya kidole shavuni pake mwenyewe, akakizungusha kidogo. Kisha akamwonyeshea mwalimu.

Mwalimu hakuelewa mara moja. Akajipapasa shavu, akakuta kile kishimo chake, ambacho huonekana anapocheka tu. Alirudia alama ile, kidole shavuni, na Kitinda akaitikia kwa kichwa: ndiyo, huyo ndiye wewe. Kisha akakimbia kuwafuata wenzake uwanjani, akamwacha mwalimu amesimama palepale, kidole bado kiko shavuni.