Kiini Cheupe, Shingo Ngumu

Ko! Yai liligongwa ukingoni mwa bakuli nyuma ya mlango wa wavu. Ko! Jingine. Kisha kimya, na kimya cha mpishi mkuu nilikifahamu: kilitangulia matusi.

"Aliyeleta maji ya ndimu humu ni nani?"

Niliingia na trei tisa zilizobaki; ya kwanza ilikuwa imeshatangulia ndani. Lilikuwa jiko la hospitali, masufuria makubwa kama mapipa, na Mpishi Mkuu, mtu mwenye mikono ya mbeba mizigo na sauti ya kuamrisha, amesimama juu ya bakuli. Ndani yake viini vilikuwa vya manjano iliyofifia, karibu vyeupe.

"Ni mimi, mzee."

"Hawa ni kina mama waliotoka kujifungua, kijana. Wanataka yai lenye nguvu. Hili limeugua."

"Halijaugua. Mahindi ya njano yameadimika sokoni, kuku wanakula meupe. Rangi ya kiini inatoka kwenye chakula. Kuku haitengenezi mwenyewe."

"Usinifundishe mayai! Mfugaji mwenzako analeta viini vyekundu kama jua linalozama. Nakupa wiki tatu. Ukirudi na haya, usirudi tena."

Jiko lile ndilo lililobeba banda letu. Lingetufungia mlango, mimi na dada yangu tungeuza kuku wote mia tatu.

Dada alinisikiliza huku akichanganya pumba na dagaa. Akacheka kwa uchovu.

"Shemeji yako ana unga wa pilipili hoho nyekundu, zile zisizowasha. Vijiko vichache tu kwenye chakula. Tia, mdogo wangu, nani atakufa?"

"Hatakufa mtu. Lakini nitakuwa nimemwambia yule mzee kwamba jana nilimletea ugonjwa na leo dawa. Sipaki kuku wangu wanja ili wapendwe."

"Shingo hiyo, utakufa nayo."

"Nizikwe nayo."

Hata hivyo unga niliuchukua, kwa jaribio. Niliwatenga kuku ishirini wa rika moja na wenzao. Mahindi meupe yaleyale, soya ileile, dagaa walewale, chokaa na mchanganyiko uleule wa vitamini. Hao ishirini tu niliwaongezea hoho. Siku chache za mwanzo hakuna kilichobadilika, na dada akanitania kwamba kuku wangu nao wana kiburi. Kisha viini vikaanza kukolea, kila siku kidogo, mpaka wiki mbili zilipotimia vikawa kama chungwa lililoiva.

Nilirudi jikoni na trei mbili. Dada alinifuata, eti kushuhudia mazishi. Mpishi Mkuu akavunja yai kutoka kila trei, kila moja kwenye sahani yake. Uso ukamng'aa alipoliona la chungwa.

"Hili! Hili ndilo la wodini. Lile jingine wape paka."

"Yametoka banda moja, mzee."

"Umebadilisha chakula."

"Sikubadilisha. Kuku ishirini nimewaongezea hoho iliyosagwa, basi. Yote mengine ni yaleyale."

Akaweka mwiko chini. "Umenidanganya."

"Nimekuletea yote mawili mchana kweupe. Ningetaka kukudanganya ningekuletea la chungwa peke yake, nikanyamaza, nawe ungenisifu."

Wasaidizi wake waliacha kumenya viazi. Dada alinivuta shati, sikugeuka.

"Kwa hiyo rangi ni bure?" Mpishi Mkuu akauliza, sasa kwa sauti ya chini.

"Si bure kabisa. Baadhi ya rangi hizo husaidia macho. Kuku anayekula majani mabichi naye hutoa kiini kilichokolea, na hakuna ubaya. Lakini rangi inakuambia kuku alikula nini, haikuambii yai lina nguvu kiasi gani. Protini ni ileile. Vitamini A naweka kwenye chakula, nayo haipaki kiini rangi. Wodini kwako linatosha hilo la paka."

Alisogeza sahani moja, kisha nyingine. Akatikisa ile ya kiini cheupe: ute ulisimama mzito, haukutapakaa.

"Ni jipya, ni zima," alinong'ona, kama anayekiri kosa. Halafu akafoka, "Na nitawaambia nini kina mama wakiona kiini cha mzimu?"

"Waambie kuku alikula mahindi meupe."

"Una mdomo, wewe."

"Nina na mayai."

Dada ndiye aliyecheka wa kwanza, akajiziba mdomo. Mpishi Mkuu alimtazama, akanitazama, kisha akavimwaga viini vyote viwili kwenye bakuli moja na kuvipiga kwa hasira mpaka havikutambulika tena.

"Trei kumi, kesho asubuhi. Lakini nikigundua siku moja umenipakia rangi kimyakimya..."

"Kila trei nitaiandikia kwa mkono wangu kuku walikula nini," nilimwambia, wote wakisikia. "Siku nitakayokuficha, mzee, nifungie mlango huu mwenyewe. Naahidi sitabisha hodi."