Sikio la Ciku Halikuwa Jipu

Kulikuwa na maneno ya sokoni yaliyonikaa kichwani zaidi ya mwaka, kwamba bondia mmoja wa huko Namanga alivimba sikio, akapelekwa hospitali, wakamdunga sindano kwenye ule uvimbe, na tangu siku hiyo upande ule hasikii kitu. Wengine waliongeza kwamba maji ya ubongo ndiyo yalitoka. Hakuna aliyemtaja jina, lakini mimi niliamini, kwa sababu Ciku wangu alikuwa ameanza kupigana ngumi.

Hiyo ilikuwa 2004, hapa Kitengela. Ciku alikuwa na miaka kumi na tisa, na kulikuwa na wasichana watatu tu katika ile klabu ya ngumi iliyokuwa nyuma ya kanisa. Kocha wao ni Lazarus, fundi wa kuchomelea mageti, mtu mpole kuliko kazi yake. Walikuwa na kofia moja ya kukinga kichwa, wanavaa kwa zamu. Jumamosi moja, zamu ya Ciku ilipoisha akaivua, kisha akakubali raundi moja ya nyongeza bila kofia. Ngumi ikamkwaruza sikio la kushoto, ikalisokota.

Alirudi nyumbani akicheka. Alisema vijana walimpigia makofi, wakamwambia sasa amepata cheti, maana bondia mwenye masikio laini hajapigana. Kufika jioni sehemu ya juu ya sikio ilikuwa imejaa, ile mikunjo haionekani. Ukiigusa inabonyea kama mfuko wa maziwa.

Nilipotoka kununua mkaa nikamweleza jirani yangu Hilowle, anayeuza mbuzi. Hilowle ameponya mbuzi wengi kwa mikono yake, na kila mtu mtaani humuuliza. Akaniambia mbuzi akivimba hutumbui haraka. Unakanda na maji moto mpaka jipu liive, lipate mdomo, halafu linatoka lenyewe. Maneno hayo yalinifurahisha kwa sababu sindano haikuwamo.

Basi Jumapili asubuhi nikachemsha maji ya chumvi nikamkanda Ciku. Aliuma meno. Nikakanda tena baada ya kanisa. Uvimbe haukupata mdomo, ulizidi kujaa tu, ukawa na rangi ya zambarau.

Jioni Kocha Lazarus akaja kumwona. Alipoona beseni na kitambaa moto, aliviweka kando. Akasema sikio hilo lilitakiwa hospitali tangu jana. Mimi nikamwambia hakuna mtu atamdunga msichana wangu awe kiziwi, na kama kuna mtu wa kulaumiwa ni yeye na kofia yake moja. Hakubisha. Alikubali kosa la kofia, akaniuliza hayo ya kiziwi niliyasikia wapi. Nikamwambia ni ya bondia wa Namanga.

"Mama Ciku," akasema, "huyo namjua. Anaitwa Kitonga, tulipigana pamoja. Kesho asubuhi anapita hapa na lori. Usinisikilize mimi, msikilize yeye."

Jumatatu saa mbili lori la simiti likasimama kando ya barabara, likitoka Athi River kwenda Namanga. Akashuka mwanamume mnene, akanisalimia kwa heshima, akavua kofia. Sikio lake la kushoto nilishindwa kuliangalia na nikashindwa kuacha. Lilikuwa limejikunja kama ngumi iliyofungwa, gumu, tundu lake limebanwa hata kidole cha mtoto hakingeingia.

Nikamuuliza kama ni sindano ilifanya hivyo.

"Sindano gani, mama? Mimi nilitoroka hospitali," akasema. "Niliogopa. Nikakaa wiki mbili nikijionyesha kwa watu, naitwa bingwa. Lilipokuwa gumu nikamwambia rafiki yangu anitoboe na pini. Likatunga usaha, likanilaza hospitalini siku kumi na moja. Huko ndiko watu waliniona na bendeji, wakasema hospitali ndiyo iliniharibu. Na mimi nikawaacha waseme, maana ilikuwa aibu."

Ciku alikuwa amesimama mlangoni. Kile kicheko cha cheti kiliisha usoni. "Mathe," akasema, "twende."

Kitonga alitupakia mbele, akatufikisha Kajiado. Njia nzima aliongea na Ciku juu ya ngumi za kushoto, mimi nikihesabu masaa tangu Jumamosi.

Hospitalini tulipokewa na afisa wa kliniki, Tabitha, mama wa umri wangu. Alibonyeza uvimbe polepole, akauliza umeanza lini, akamwangalia Ciku ndani ya sikio, akampima kama anasikia vizuri. Nikamweleza kukanda kwangu. Hakunigombeza. Alichukua karatasi akanichorea.

Sikio, alisema, liko na gegedu katikati, ile kitu inayolifanya lisimame. Gegedu haina mishipa yake ya damu. Inalishwa na utando mwembamba uliobandikana nayo chini ya ngozi. Sikio likipigwa au likisuguliwa sana, utando unabanduka, damu inajaa pale katikati, na gegedu inabaki bila chakula.

"Hii si jipu," akasema. "Jipu lina usaha. Hii ni damu, na haiivi. Ukiingoja inaganda, halafu mwili unajenga gegedu nyingine juu yake, ovyo ovyo. Hapo ndipo sikio linakuwa kama koliflawa. Ukiikanda na moto unaileta damu zaidi."

Niliuliza kuhusu maji ya ubongo. Akasema mahali atakapokata ni nje ya kichwa, ni ngozi ya sikio tu, mbali na ubongo na mbali na ngoma ya kusikia. Siku mbili si nyingi, bado tuko kwa wakati. Baada ya wiki ingekuwa hadithi nyingine.

Alisafisha, akamdunga dawa ya ganzi, akakata kidogo kufuata mkunjo wa sikio. Ilitoka damu nyeusi na mabonge madogo. Nilikuwa nimeshika mkono wa Ciku, nikidhani namsaidia, kumbe ni yeye alikuwa ananishika. Tabitha alikamua yote, akaosha, kisha akaweka vipande vya pamba vilivyoviringwa, kama vile vya daktari wa meno, kimoja mbele kimoja nyuma, akavishona pamoja kupitia sikio ili vibane. Bila kubana, alisema, damu hurudi palepale.

Na kweli tuliporudi kesho yake kuangaliwa ilikuwa imerudi kidogo upande wa juu. Akaitoa tena, akabana upya. Akampa dawa za kuzuia usaha. Pamba zilitolewa baada ya wiki moja.

Leo ukimwangalia Ciku utaona sikio la kawaida. Juu kuna kauvimbe kadogo kagumu, kama punje ya dengu, na anasikia hata nikimnong'onezea jikoni. Alirudi kwa ngumi baada ya wiki kadhaa, Tabitha aliporuhusu. Klabu sasa iko na kofia nne, Lazarus alichangisha kanisani, na hakuna anayepanda ulingoni bila moja. Kitonga akipita hupiga honi. Hilowle naye alikuja kumwona, akasema toka leo yeye ni wa mbuzi tu.

Wewe mama mwenye kijana wa ngumi au mieleka, sikio likivimba usifanye haya:

Usikande na maji moto. Kitambaa baridi tu, mkiwa njiani kwenda hospitali.

Usingoje liive. Haliivi.

Usitoboe na pini, wembe wala sindano ya nyumbani.

Usipitishe siku moja au mbili kabla ya kwenda.

Usikubali wakitoa damu wasibane, na usikose kurudi kuangaliwa.

Usimwache arudi ulingoni kabla ya kuruhusiwa, wala bila kofia, hata raundi moja ya nyongeza.

Usiite cheti.

Usiamini maneno ya sokoni kabla hujamwona mwenyewe.