Tumekua, Asanteni Wateja

Jana niliota mchana kweupe, kichwa juu ya kaunta ya duka langu la vyombo. Asubuhi nilikuwa nimejipiga picha mlangoni na maputo mawili, nikaweka mtandaoni haya:

“Saumu Vyombo tumetimiza miaka mitano! Bila ninyi tusingefika. Tumekua, asanteni wateja wetu. Ukinunua seti ya sufuria, mwiko bure. Mteja mmoja, mwiko mmoja. Ofa ni ya dukani tu, mpaka Jumamosi au miiko ikiisha.”

Kabla sijaituma nilimsomea Tatu, anayekaanga maandazi kibarazani kwangu. Akaguna.

“Hilo ‘tumekua’ litoe, shoga. Mfanyabiashara akiulizwa hali, anasema tunasukuma siku. Mwenye nyumba naye ana simu.”

“Tatu, nani anaandika tangazo la kulia?”

Nikatuma. Mpaka adhuhuri watu mia na kitu wamebonyeza moyo. Wanane wameuliza bei, na bei imeandikwa kwenye picha. Mmoja kauliza kama mwiko unauzwa peke yake. Dukani hajaingia mtu. Kodi ya miezi sita inaisha mwezi huu, na mimi namwomba Mungu tu isipande, maana ikipanda nafunga. Usingizi ukanichukua hapo hapo.

Basi naota mioyo myekundu inaingia dukani, inajipanga kwenye benchi. Nainuka kwa heshima zote.

“Karibuni. Mnahitaji sufuria?”

“Hapana,” unasema moyo mmoja mnene. “Tumependa tu.”

“Mmependa nini?”

“Hatujasoma.”

Nawaletea chai. Ndio wateja wenyewe, nifanyeje?

Sufuria kubwa ya pilau inakohoa juu ya rafu. “Umeshukuru wateja. Mimi niko hapa tangu mwaka wa kwanza, sijanunuliwa, sijakimbia. Jina langu mbona silioni?”

Kabla sijajibu, miiko inatoka kwenye ndoo yake, inanizunguka.

“Eti sisi ni bure?”

“Ni ofa, jamani. Ya shukrani.”

“Ulitununua bure?”

“Hapana.”

“Haya,” inasema miiko, na inakaa kwenye benchi karibu na mioyo. Ile mioyo inaipenda miiko yote, mmoja mmoja, bila kununua.

Hapo duka linaanza kukua. Ukuta wa kushoto unasogea, wa kulia unasogea, benchi linakwenda mbali mpaka sauti za wateja sizisikii. Nikigeuka niko sebuleni kwa Mzee Mbaruku, mwenye nyumba wangu, na rafu zangu zote ziko juu ya zulia lake. Yeye amevaa msuli, kashika chaki na futi ya fundi cherehani.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba, binti yangu. Hongera. Simama mlangoni.”

Nasimama. Mlango ni ule wa duka langu, sijui umefikaje. Ananipima toka unyayo mpaka utosini, anapanda juu zaidi, anapiga mstari wa chaki kwenye fremu, shibri nzima juu ya kichwa changu.

“Mzee, mimi si mrefu hivyo.”

“Umeandika mwenyewe. Mtoto akikua, anabadilishiwa nguo. Duka likikua, linabadilishiwa kodi.”

“Lile ni neno la tangazo tu! Leo sijauza hata kijiko. Hakuna anayeandika tumedumaa!”

“Basi ungeandika. Ningekuonea huruma.”

Najaribu kufuta tangazo. Simu imekuwa chupa ya chai. Nabonyeza, inamwaga. Roho inaniuma, ila naona haya kulia mbele ya miiko.

“Na mimi nina ofa,” anasema Mzee Mbaruku kwa upole. “Mpaka Jumamosi. Ukiongeza, unabaki. Usipoongeza, nina muuza simu anayelitaka duka.”

Anachagua mwiko mmoja, anauangalia nyuma na mbele, anautia kwapani.

“Mzee, mpaka ununue seti!”

“Bure ni bure,” anasema.

Nikashtuka. Shavu limenata kwenye kaunta. Nje mafuta ya Tatu yanachemka, na yeye ananiangalia kwa jicho la huruma ambalo sikulipenda.

“Umeamka? Mzee Mbaruku alipita. Kakukuta umelala, akakataza usiamshwe. Kasema anakupa hongera, tangazo lako kaliona, na Jumamosi atakuja mzungumze.”

“Kanunua kitu?”

“Anunue wapi! Kachukua mwiko mmoja, kasema ni wa bure.”

Nilikwenda mlangoni polepole. Kwenye fremu kulikuwa na mstari mweupe wa chaki, shibri nzima juu ya kichwa changu. Nilivuta stuli, nikapanda, nikaanza kuufuta kwa ncha ya khanga. Simu ikalia juu ya kaunta: mtu mwingine amependa.